Magugu, kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho

Niliombwa kuandika maneno ya msimulizi kwa katuni ya sekunde 90 kuhusu kumaliza dozi ya dawa mseto ya malaria. Rasimu ya kwanza ilianza na askari wanaoulinda mwili, katikati ikawa moto unaozimwa, mwishoni mbio ndefu. Kila sentensi ilisikika vizuri peke yake. Mchoraji akanipigia: "Kaka, hivi vimelea nivichore maadui, moto au wakimbiaji?"

Nikaanza upya, safari hii kwa swali gumu kuliko yote kwenye mada: kwa nini mtu aendelee kumeza vidonge wakati homa imeshashuka? Sitiari isiyojibu hapo, iache hata kama inapendeza. Palizi ilijibu. Ukifyeka majani, shamba linaonekana safi, lakini mizizi bado iko chini. Na dawa yenyewe, yenye viambato viwili, hufanya kazi hivyo hivyo: artemetha hupunguza vimelea haraka, ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu mapema, kisha lumefantrini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kumalizia vimelea vilivyobaki. Mmoja anafyeka, mwingine anang'oa.

Sentensi ya kwanza ikawa: "Shamba lililofyekwa jana linapendeza leo." Baada ya hapo sikutaja shamba kila mara. Vitenzi ndivyo vilivyobeba picha: kuota, kufyeka, kung'oa, kuchipua. Niliipitia skripti kwa kalamu nikipigia mstari kila kitenzi, na kila kilichotoka nje ya shamba, kama "kupambana" au "kuzima", nikakibadilisha. Kazi hiyo ya kalamu ndiyo ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu sitiari huvuja kwenye vitenzi kabla hujagundua.

Kuna mahali nilipitiliza. Dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikinywewa na chakula chenye mafuta, nami nikaandika: "Palilia udongo ukiwa umelowa." Nilimsomea mama mmoja jirani, nikamwomba anieleze alichoelewa. Akasema, "Ninywe na maji mengi." Nilifuta pale pale. Maelekezo ya kumeza yakabaki wazi, bila picha: "Meza dawa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Dozi ya pili, saa nane baada ya ya kwanza. Kisha asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu." Msimulizi alisoma sehemu hiyo polepole, shamba likiwa limetulia nyuma yake kwenye picha.

Sentensi ya mwisho niliipata kwa kurudi kwenye ya kwanza na kuuliza ni nini kimebadilika shambani tangu pale. Haikuhitaji tena neno dawa: "Shamba lililong'olewa mizizi linapendeza hata wiki ijayo."