Akaunti ya "ofisi" inafungwa: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike waraka wa kufunga akaunti ya pamoja mnayoingia nayo kwenye mifumo yetu, maswali yamenifikia kwa barua pepe, kwenye korido, na moja limebandikwa mlangoni kwangu. Nayajibu hapa yote.

Akaunti hii tumeitumia miaka na miaka, hakuna kilichoibwa. Kwa nini sasa?

Kwa sababu ya ile namba ya benki. Wengi wenu mmesikia nusu ya habari, basi hii ndiyo nzima. Namba ya akaunti ya benki ya msambazaji wetu mmoja ilibadilishwa ndani ya mfumo wa uhasibu. Mhasibu aliona tofauti alipokuwa anaandaa malipo, akampigia simu msambazaji kwa namba tuliyokuwa nayo kwenye mkataba wa zamani, akaambiwa hawajabadilisha benki. Malipo yakasimamishwa. Ndipo nikaitwa, nikafungua kumbukumbu za mfumo, nikakuta mstari huu:

```
16:42  mtumiaji=ofisi  kitendo=badilisha  rekodi=msambazaji/benki  kutoka=192.168.1.14
```

Saa kumi na dakika 42 jioni, basi. Mtumiaji ni "ofisi", na "ofisi" ni watu sita. Namba ya mwisho inataja kompyuta ya mapokezi, lakini kompyuta hiyo huachwa wazi siku nzima na kila mpitaji huitumia. Kwa hiyo najua mashine iliyotumika na dakika yenyewe, ila simjui aliyekuwa ameketi kwenye kiti.

Huenda mtu alidanganywa na barua pepe ya kitapeli akafuata maelekezo kwa nia njema. Huenda alifungua rekodi ya msambazaji mwingine mwenye jina linalofanana, akakosea. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kila moja lina dawa yake. La kwanza lingenifanya nitafute barua hiyo kwenye masanduku yenu yote kabla haijamnasa mwingine. La pili lingeisha kwa kurekebisha namba na kuendelea na kazi. Mpaka leo sijui ni lipi. Kila mtu akiwa na akaunti yake, ningemuuliza mhusika na tungemaliza kwa dakika 10.

Mkuu, hii si dalili kwamba hamtuamini?

Kinyume chake. Katika wale sita niliowahoji, mmoja alikuwa ameshaondoka tangu saa tisa, lakini hakuwa na njia ya kuthibitisha, maana kwenye mfumo yeye na waliobaki ni jina moja. Akaunti ya peke yako ingeonyesha kwamba ulitoka na hukurudi. Anayenufaika zaidi na kumbukumbu zenye majina ni yule asiye na kosa.

Mtu akiacha kazi si tunabadilisha tu nywila? Mbona ni jambo dogo?

Lingekuwa dogo kama tungelifanya. Mara ya mwisho nywila ya "ofisi" ilipobadilishwa, kesho yake ilikuwa kwenye karatasi mpya pembeni ya skrini, na watu watatu walikuwa wanatumiana kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo bado umo kwenye simu za waliokwisha kuondoka.

Kuna na shimo ambalo wengi hawalijui. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, ukakubali huku umeingia humo na akaunti yako binafsi, nywila ya kazini inakufuata mpaka kwenye kompyuta ya nyumbani. Na kwenye mifumo kadhaa, kubadilisha nywila hakumtoi mtu aliyekwisha kuingia. Simu yake inaendelea kusoma barua mpaka msimamizi aamuru vifaa vyote vitolewe. Kwa akaunti ya mtu mmoja nafanya hivyo bila kumsumbua mwingine yeyote. Kwa "ofisi" nawatoa wote sita katikati ya kazi, ndiyo maana huwa tunaahirisha, na tukiahirisha tunasahau.

Namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwenye simu ya dada wa mapokezi. Kwani tatizo nini, si huwa anatusomea?

Tatizo ni kwamba anasoma. Uthibitisho wa hatua mbili unategemea kwamba mwenye simu ndiye anayeingia. Sasa amezoea kusoma namba kwa yeyote anayeuliza, mara 10 kwa siku, hata kwa simu. Siku mgeni akipiga akasema "mimi wa tawi, nitumie namba iliyoingia sasa hivi", simwoni akisita, na wala simlaumu. Sisi ndio tuliomfundisha. Kuanzia sasa kila mtu atapata namba zake mwenyewe, na anayeomba ya mwenzake ajibiwe hapana.

Barua pepe ya ofisi tunaijibu wote. Sasa nani ataijibu?

Ninyi nyote, kama kawaida. Anwani haiondoki. Inageuzwa kuwa sanduku la pamoja lisilo na nywila ya kugawana: unaingia kwa akaunti yako, sanduku linatokea chini ya lako, na mteja anaona jibu limetoka ofisini. Ndani, mfumo unaandika nani alituma. Mtu akihama idara naondoa ruhusa yake tu.

Nikienda likizo na mafaili yangu yamefungwa?

Niambie siku mbili kabla. Nampa mwenzako ruhusa ya folda husika kwa muda wa likizo, kisha naiondoa. Nywila yako usimwachie mtu, hata mimi. Sina haja nayo, kwani nikilazimika naweza kuweka mpya, na utajua nimefanya hivyo kwa sababu ya zamani itakataa.

Leseni za watu sita si zitatugharimu?

Zitatugharimu, sitaficha. Mfumo wa uhasibu unatoza kwa kila mtumiaji, na mkataba wake tayari unakataza leseni moja kutumiwa na watu wengi, kwa hiyo nafuu tuliyokuwa nayo haikuwa halali yetu. Wawili kati yenu wanasoma ripoti tu, hawaingizi chochote. Hao nitawatumia ripoti, hawahitaji leseni.

Kuna mahali pamoja ambapo akaunti za majina haziwezekani: kifaa cha intaneti kina akaunti moja tu ya usimamizi, na hakikubali zaidi. Nywila yake itakaa kwenye programu ya kutunza nywila, ambayo inaandika nani aliifungua na lini. Si sawa na akaunti za majina, lakini ndipo kifaa hicho kinapofikia.

Itafungwa lini hasa?

Akaunti zenu mpya zinaanza Jumatatu. "Ofisi" itabaki wazi wiki mbili, nami nitakuwa naangalia nini bado kinaitumia. Nina hakika skana ile ya ukumbini inahifadhi nyaraka kwa nywila hiyo, na huenda kuna kingine nilichokisahau. Nikishahamisha vyote, nitaizima kwa amri hii:

```
net user ofisi /active:no
```

Naizima tu, siifuti. Kitu kikigoma, naandika `yes` mahali pa `no` na inarudi.

Naruhusiwa kuandika nywila yangu mpya kwenye karatasi? Nasahau sana.

Tunga sentensi ya maneno manne au matano yasiyohusiana, itakaa kichwani kuliko alama za ajabu, na sitakulazimisha uibadilishe kila mwezi. Wiki ya kwanza karatasi ikae kwenye pochi yako, pamoja na pesa. Nikiikuta kwenye skrini naichana.