Mkopo wa 1,000,000, zimeingia 980,000

"Benki imekata ada ya 20,000 juu kwa juu. Mkopo niuandike kiasi gani? Na rejesho la 88,849 kwa mwezi, miezi 12, riba asilimia 1 ya salio kila mwezi?"

Krediti Mkopo wa Benki 1,000,000. Debiti Benki 980,000 na Ada ya Mkopo Iliyoahirishwa 20,000. Ukiandika 980,000 tu, salio lako halitalingana na taarifa ya benki. Ada ihamishie kwenye gharama za fedha kidogo kidogo kwa miezi yote 12.

Rejesho, tafadhali, usilitupe lote kwenye gharama. Mwezi wa kwanza 10,000 ni riba, na 78,849 inapunguza mkopo. Salio linabaki 921,151, kwa hiyo mwezi wa pili riba ni 9,212 na deni linapungua kwa 79,637. Riba yako ikibaki ileile kila mwezi, umekokotoa kwa mkopo wa mwanzo badala ya salio.