Maswali na majibu: Mbona hatifungani yangu imelipwa kabla ya wakati?

Nilinunua hatifungani ya kampuni ya miaka mitano. Kabla mwaka wa tano haujaanza nikapata barua kwamba wananirudishia pesa yangu. Wana haki gani? (Mwalimu mstaafu, Mombasa)

Wanayo, kama waliiandika tangu mwanzo. Fungua waraka wa matarajio wa hatifungani hiyo, utafute sehemu inayoeleza ulipaji wa mtaji. Baada ya aya inayotaja tarehe ya kuiva, yaani siku ya mwisho ya kurudishiwa mtaji, aghalabu kuna aya nyingine fupi inayosema kampuni inaweza, ikitaka yenyewe, kulipa hati zote au baadhi yake kabla ya tarehe hiyo. Maneno ya kukazia macho ni "ikitaka yenyewe". Wewe mwekezaji huna haki ya aina hiyo. Huwezi kuwaandikia barua mwaka wa pili uwaambie wakurudishie chako.

Aya hiyo hutaja pia haki hiyo inaanza lini, watalipa kwa bei gani na watatoa taarifa siku ngapi kabla. Kuna hati zinazolipa 100 kwa kila 100 uliyoweka. Nyingine huongeza kifuta jasho, tuseme 102 kwa kila 100, kinachopungua kadiri tarehe ya kuiva inavyokaribia.

Na kabla hujaiweka barua kabatini, piga hesabu ya riba ya mwisho. Riba ya tangu malipo yaliyopita hadi siku ya kulipwa ni haki yako. Ukiwa na shilingi milioni 1 kwa asilimia 12.25, na siku 60 zimepita, unadai 122,500 mara 60, gawanya kwa 365, yaani shilingi 20,137 kabla ya kodi. Iwe imo kwenye malipo.

Kulipa deni mapema kunaifaidi nini kampuni? Mimi nikiwa na mkopo nafuu wa kulipa taratibu siharakishi hata kidogo. (Mfanyabiashara, Nairobi)

Ungeharakisha kama benki ya jirani ingekupa mkopo huohuo kwa riba ndogo zaidi. Kampuni hailipi kwa sababu imechoka kudaiwa. Kwa kawaida inakopa upya kwa bei ya leo, inafuta deni la bei ya jana.

Mfano mzuri uko hapohapo Nairobi. Mwaka 2017 kampuni ya bia ya East African Breweries ilikopa shilingi bilioni 6 kwa hatifungani ya miaka mitano, riba asilimia 14.17. Wakati huo riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya, ile inayoongoza riba nyingine nchini, ilikuwa asilimia 10. Mwaka 2020 riba hiyo ilishushwa hadi asilimia 7, na mwaka 2021 kampuni ikalipa deni lile lote kabla halijaiva. Oktoba mwaka huohuo ikaja sokoni tena, ikakopa bilioni 11 kwa asilimia 12.25.

Tazama tofauti hiyo: asilimia 1.92. Juu ya deni la bilioni 6 ni kama shilingi milioni 115 kwa mwaka mzima. Deni la zamani lilikuwa limebakiza chini ya mwaka, kwa hiyo si akiba yote hiyo iliyopatikana, lakini unaona kwa nini mkuu wa fedha wa kampuni hawezi kuiangalia riba ikishuka akakaa kimya.

Deni la 2021 nalo lilipaswa kuiva 2026. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba elekezi hadi asilimia 13 mwanzoni mwa 2024, kisha ikaanza kuishusha hatua kwa hatua, na Oktoba 2025 ikafika 9.25. Mwezi huo bilioni 11 zile zikalipwa, mwaka mmoja kabla ya wakati, na kampuni ikatoa hati mpya za miaka mitano kwa asilimia 11.80.

Safari hii tofauti ni asilimia 0.45 tu, yaani shilingi milioni 49.5 kwa mwaka juu ya bilioni 11. Ondoa ada za washauri, mawakili na kuorodhesha hati sokoni, na faida inakuwa nyembamba. Hapo ndipo unapoona jambo la pili ambalo wengi hawalihesabu. Anayelipa leo na kukopa upya kwa miaka mitano amesogeza mbele tarehe ya kurudisha mtaji. Hangoji hadi siku ya mwisho, ambapo soko linaweza kuwa limekauka au riba zimepanda tena.

Mtaji wangu nimerudishiwa wote, hakuna hata senti iliyopotea. Sasa hasara iko wapi? (Muuguzi, Arusha)

Iko kwenye swali linalofuata: hizo pesa utaziweka wapi? Hii ndiyo inayoitwa hatari ya kuwekeza upya, na ubaya wake ni kwamba haikujii wakati wowote tu, bali wakati mbaya. Unarudishiwa pesa kwa sababu riba zimeshuka, kwa hiyo kila mlango utakaobisha siku hiyo nao una riba ndogo.

Nitakupa mfano wa mbali kidogo, kwa sababu sijui mwingine unaoonyesha jambo hili waziwazi kama huu. Novemba 1984 Hazina ya Marekani ilitoa hatifungani ya miaka 30 yenye riba ya asilimia 11.75. Ilikuwa ya kuiva Novemba 2014, lakini Hazina ilijiwekea haki ya kuilipa kuanzia Novemba 2009, ikitoa taarifa miezi minne kabla. Mwenye dola 100,000 alipokea dola 11,750 kila mwaka, miaka 25 mfululizo. Riba za dunia zilishuka, zikashuka tena, naye akaendelea kupokea kiasi kilekile.

Katikati ya 2009 tangazo likatoka: zinalipwa Novemba. Mtaji ulirudi kamili. Lakini wakati huo hatifungani ya miaka mitano ya Hazina hiyohiyo ilikuwa inatoa asilimia 2 na ushei. Ichukulie kuwa 2.3. Aliyekuwa akipanga maisha yake juu ya 11,750 kwa mwaka sasa angepata 2,300, mkopaji akiwa yuleyule. Kwa miaka mitano iliyokuwa imebaki, 58,750 zimekuwa 11,500.

Hiyo tofauti ya 47,250 ndiyo hasara unayoniuliza. Haionekani kwenye taarifa ya benki kwa sababu ni pesa ambayo haikuja. Muuguzi anayetegemea riba hiyo kulipa ada ya shule ataiona muhula ukifunguliwa.

Nina hatifungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 25, ile ya asilimia 15.95. Siku hizi mpya zinatolewa kwa riba ndogo. Serikali inaweza kunirudishia pesa kama hizo kampuni? (Mkulima, Mbeya)

Kwa utaratibu wa hatifungani hizo, hapana, na umeshika kitu kizuri. Mwaka 2022 riba ya miaka 25 kwa hati mpya ilishushwa kutoka 15.95 hadi 12.56. Waliokuwa wamenunua kabla hawakuguswa, kwa sababu hati zao hazina kipengele cha kulipwa mapema. Kwa kila milioni 10 unapata 1,595,000 kwa mwaka, na zitaendelea hadi kuiva. Kipengele kile kingekuwapo, mkopaji angekuwa na kila sababu ya kukitumia.

Usichanganye jambo hili na serikali inapotangaza kununua tena hati zake, kama Kenya ilivyofanya Februari 2025 kwa hati zilizokuwa karibu kuiva. Pale mwenye hati anaulizwa kama anataka kuuza, na akikataa anabaki nayo.

Lakini hata wewe hujaepuka kabisa hatari ya kuwekeza upya. Kila miezi sita unapokea shilingi 797,500 kwa milioni 10 zako. Ukizila, umemaliza. Ukitaka kuzizalisha, utaziweka kwa riba ya siku hiyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba utajilimbikizia asilimia 15.95 juu ya 15.95 kwa miaka 25 amekosea hesabu. Asilimia hiyo ni ya mtaji wa kwanza peke yake.

Dalali ananiuzia hati ya kampuni kwa 108. Riba yake ni asilimia 14, imebakiza miaka minne, na anasema faida hadi kuiva ni asilimia 11.4. Inaweza kulipwa mapema kwa 100 baada ya mwaka mmoja. Ninunue? (Msomaji, Kampala)

Kwa bei hiyo, usinunue. Hesabu ya dalali ni sahihi, ila imechukulia kwamba utakaa miaka yote minne.

Piga hesabu ya pili. Unatoa 108 leo kwa kila 100 ya mtaji ulioandikwa kwenye hati. Baada ya mwaka unapokea riba ya 14, kisha kampuni inakulipa 100. Umetoa 108, umepata 114. Faida ni 6 juu ya 108, yaani asilimia 5.6. Zile 8 ulizolipa juu ya 100 ulidhani utazigawanya katika miaka minne, kumbe zimeliwa kwa mwaka mmoja.

Na uwezekano wa kulipwa mapema hapa ni mkubwa. Bei ya 108 yenyewe inakuambia soko linaridhika na riba ndogo kuliko 14, na hiyo ndiyo hali inayomfanya mkopaji akimbilie kulipa. Ndiyo maana hati za namna hii hazipandi bei sana hata riba zikiporomoka: mnunuzi makini hataki kulipa 115 kwa kitu ambacho mkopaji anaweza kukifunga kwa 100.

Mwombe dalali faida mbili, ya hadi tarehe ya kwanza ya kulipwa mapema na ya hadi kuiva, halafu uamue kwa ile ndogo. Ukitaka angalau asilimia 11 kwa mwaka huo mmoja, usivuke 102.70. Akikwambia hana hesabu ya kwanza, ifanye mwenyewe kwa kalamu kama nilivyofanya hapa.

Na riba zikipanda badala ya kushuka? (Msomaji, Nakuru)

Basi hutapata barua yoyote. Februari 2024 serikali ya Kenya ilitoa hatifungani ya miundombinu kwa asilimia 18.46, tena bila kodi. Mwenye hati za bia za 12.25 angefurahi sana kurudishiwa mtaji wake wiki ile akauhamishe. Haki ya kulipa mapema haikuwa yake, na mwenye haki hiyo alikuwa na deni la bei nafuu mkononi. Njia pekee aliyokuwa nayo ni kuiuza hati sokoni, na sokoni wakati ule angepata chini ya 100. Hati hizo zilikuja kulipwa Oktoba 2025, riba zilipokuwa zimeshashuka.