Mamangu yuko peke yake Mikindani, nimpelekee mbwa wa aina ya jamani shepadi?

*"Wadau, mamangu ana miaka 75, anaishi peke yake Mikindani tangu mzee atutoke. Vijana wameruka ukuta mara mbili mwaka huu. Nimepata kitoto cha jamani shepadi, dume, miezi miwili. Atamfaa? Ama kuna mbwa mwingine?"*

Ndugu yangu, huyo muache. Mimi nilimpelekea shangazi yangu Kisauni mbwa wa aina hiyo hiyo, kwa nia hiyo hiyo, na mwisho wake ulikuwa plasta mkononi.

Shangazi alikuwa na miaka 73, mwembamba, kama kilo 54 hivi. Nyonga ya kulia ilikuwa ikimsumbua lakini alitembea bila fimbo. Mbwa mwenyewe aliitwa Simba, nilimpeleka akiwa na miezi 3, na tabu ya mwanzo haikuwa nguvu, ilikuwa meno. Mbwa mdogo hucheza kwa kung'ata, na ngozi ya mtu wa umri ule huchanika upesi. Shangazi alikuwa pia akimeza dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo mkwaruzo ambao mimi na wewe tungeupangusa tukasahau, yeye ulimchuruzika damu mpaka kitambaa kikalowa. Halafu kuna kukojoa. Kitoto hakiwezi kujizuia usiku kucha, basi shangazi akawa anaamka saa nane za usiku kumfungulia mlango, gizani, na nyonga ile.

Alipofika miezi 10 Simba alikuwa na kilo 30. Asubuhi moja shangazi alikuwa akimtoa nje, kamba ameizungusha kiganjani mara mbili ili isimponyoke. Mbuzi wa jirani wakapita. Kamba ilikuwa ndefu, imelegea, kwa hiyo mbwa alipata hatua tatu nne za kushika kasi kabla haijakaza. Hapo mtu hazuii tena kilo 30 zilizosimama, anazuia kilo 30 zinazokimbia. Alianguka kifudifudi, akajikinga kwa mkono, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Simba alirudi akaanza kumlamba uso. Hakuwa mbwa mbaya, na hilo ndilo linalowapoteza watu wengi: wanauliza kama mbwa ni mkali, hawaulizi kama ana nguvu kumshinda mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza kupima kwa ndoo. Mwambie mamako ajaze ndoo kwa kiasi anachoweza kuibeba kutoka bombani mpaka mlango wa jikoni bila kuitua njiani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jibu unalo hapo hapo. Shangazi aliishia lita 8. Huo ndio uzito wa mbwa ambaye shangazi anaweza kumwinua akiumwa, kumtia kwenye tuktuk, au kumtoa bafuni akikataa kutoka. Ukitaka kuvuka hapo, vuka kidogo tu, na uhakikishe mbwa amekwisha kukomaa, ni mtulivu, na anapanda tuktuk mwenyewe. Jamani shepadi dume akikua hufika kilo 30 mpaka 40. Jaribu kumpa mamako madumu mawili ya lita 20 uone.

Lakini usikimbilie kudhani mdogo ndiye mtulivu. Jirani wa shangazi ana jak raseli, kilo 7 tu, na yule mnyama hana breki. Walifugwa kwa kuwinda mbweha, ni wa kukimbia na kufukua siku nzima, na akikosa kazi atajitafutia: atachimba chini ya geti, atabweka, atazunguka miguuni. Mbwa mdogo mwenye pupa humwangusha mzee kwa njia nyingine. Havuti, bali anajipenyeza nyuma ya visigino wakati mtu anageuka na sufuria ya moto. Ndiyo maana mimi siku hizi naangalia hata rangi. Mbwa mweusi akilala kwenye sakafu ya korido, taa ikiwa imezimwa, haonekani. Mweupe au wa rangi ya mchanga anaonekana, na ukimtia kikengele shingoni anasikika pia.

Aliyemfaa shangazi hatimaye alikuwa mbwa wa kienyeji, jike, miaka 6, kilo 12, aliyeachwa na familia iliyohamia bara. Anaitwa Chiku. Amekwisha kufungwa kizazi, jambo ambalo usilipuuze, maana jike asiyefungwa huingia joto takriban kila miezi sita, na hapo utakuta madume ya mtaa mzima yamelala getini na mama hawezi kutoka kwenda dukani. Umri wa miaka 6 watu wanauona kama hasara, mimi naona ndiyo faida yenyewe. Tabia yake imekwisha kujulikana, hatafuni viatu, hakojoi ndani, na matembezi ya dakika 20 asubuhi kabla jua halijapanda yanamtosha. Jioni anazunguka uwanjani basi. Kitoto unachompelekea mamako leo kinaweza kuishi miaka 10 na zaidi, hebu fikiria nani atakishika yeye akiwa na 85.

Wa pua bapa usimchukue kabisa, joto la huku na unyevu wake vinamkaba pumzi. Spitzi wa Kijapani anafaa kwa uzito na anabweka vizuri, ila manyoya yake yanataka kuchanwa na mahali penye feni.

Sasa hao vijana wa ukutani. Mzee hahitaji mbwa wa kupigana, anahitaji wa kupiga kelele. Chiku akisikia hatua nyuma ya nyumba anabweka mpaka jirani anawasha taa, na mwizi hana hamu ya taa. Halafu mbwa mkali kwa mtu anayeishi peke yake ana balaa lake: siku mama akianguka ndani, nani atathubutu kuingia kumwinua? Kwetu pale majirani wengi ni Waislamu, hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Chiku anakaa ndani ya geti, hamrukii mtu, na hao hao majirani ndio wanaompigia shangazi simu asiposikika.

Ukipata mbwa unayemfikiria, nenda na mama mwenyewe, na mwende mara mbili. Funga kamba mbili, moja ashike mama na nyingine wewe, fupi, isiyozidi mita moja na robo, na ajifunze kuishika bila kuizungusha kiganjani. Mpitisheni mbwa karibu na kuku au paka. Akitazama kisha akarudi kwenu akiitwa jina, endeleeni. Akivuta mpaka anakohoa, rudisheni. Angusha kifuniko cha sufuria nyuma yake uone kama anashtuka kidogo tu au anapagawa. Muulize mwenyewe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na muombe wiki mbili za kumjaribu nyumbani kabla ya kukubaliana moja kwa moja. Mimi siku ya kwanza nililala kwa shangazi, na niligundua kitu ambacho nisingekiona mchana: Chiku alikuwa akilala kizingitini mwa chumba, pale pale shangazi anapokanyaga akienda msalani. Tulimsogezea mkeka mpaka chini ya dirisha, ikachukua siku nne kumzoesha.

Fanya jaribio la ndoo kwanza, kisha urudi hapa useme mamako amebeba lita ngapi na mlango wa nyuma una ngazi ngapi.