Passo ya pistoni tatu au ya nne? Kwanza jua mtetemeko upi ni wa kawaida na upi ni ugonjwa

Hapa Tanga ukisema unatafuta kigari kidogo kilichotumika kama Toyota Passo lazima mtu akwambie "usichukue cc 990 hiyo ni pistoni tatu, inatetemeka na haidumu". Mie nimeshazunguka na watu wengi kukagua hizi gari, Ngamiani, Chumbageni, mpaka Pongwe huko, na ninachokiona ni kwamba watu wanaogopa mtetemeko wenyewe bila kuuliza unatoka wapi. Matokeo yake wanaacha gari nzima yenye kasoro ndogo wanachukua iliyotulia kumbe ndani imeshaungua.

Nitaongelea Passo ya kwanza, ile ya kuanzia 2004 mpaka 2010, sababu ndio imejaa mjini halafu ilitoka na injini zote mbili kwenye bodi moja. Ukiona kwenye kibati KGC10 hiyo ni cc 990, injini ni 1KR-FE, pistoni tatu. Ukiona QNC10 ni cc 1290, injini K3-VE, pistoni nne. Soma kibati, usisikilize dalali, na wala usihesabu pistoni kwa kuangalia cc, maana Vitz ya zamani kabisa ile SCP10 nayo ni cc 990 lakini ina pistoni nne.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, pistoni ya 990 na pistoni ya 1290 zinakaribiana sana ukubwa. Gawanya 996 kwa tatu unapata 332, gawanya 1297 kwa nne unapata 324. Yaani hii 1290 ni kama wapagazi wale wale wa bandarini ila wameongezewa mwenzao mmoja, mzigo ni ule ule. Ndio maana 990 ina nguvu kama farasi 70 na 1290 inafika kwenye 90.

Na mtetemeko unatokea hapo hapo. Kwenye pistoni nne, moja ikimaliza kusukuma nyingine inaanza papo hapo, hakuna nafasi katikati. Kwenye pistoni tatu moja ikimaliza kusukuma kuna kipande kidogo cha mzunguko ambacho hakuna anayesukuma, ndipo inayofuata inapiga. Gari ikiwa imesimama inaunguruma, pistoni tatu zinapiga kama mara 19 kwa sekunde na nne zinapiga kama 25, kwaiyo hizo 19 unazihisi kwenye usukani na kwenye kiti. Juu ya hapo injini ya pistoni tatu huwa inanesa huku na huku, ncha moja ikipanda nyingine inashuka, na hii 1KR haina shafti ya kusawazisha hiyo kitu ndani, kazi yote wameachiwa maunting za mpira zinazoshika injini kwenye bodi. Hiyo ndio tabia yake ilivyozaliwa. Ukikanyaga mafuta kidogo tu inapotea, barabarani huisikii.

Kwaiyo swali unapokagua sio "inatetemeka?", itatetemeka tu. Swali ni inatetemekaje.

Mtetemeko wa kawaida una mdundo mmoja haubadiliki, unazidi ukiweka D umekanyaga breki na kiyoyozi kinafanya kazi (na kwa joto letu hapa nani anazima kiyoyozi mchana), ukitoa ukaweka N unapungua, ukiongeza mafuta kidogo unaisha. Ukiona hivo hakuna ugonjwa.

Maunting ikiwa imekufa utajua kwa mlio, ukitoa D kwenda R inapiga "gudu" chini ya miguu, na mtetemeko wa kwenye D unakuwa mkubwa mpaka dashibodi inalia, ila N unatulia sana. Fungua boneti, mtu mmoja akae ndani akanyage breki barabara aweke D aguse mafuta kidogo sana, halafu R hivo hivo, wewe simama pembeni sio mbele ya gari. Injini ikinyanyuka kama inataka kuruka basi mpira umekatika. Hizi maunting kwenye 990 zinachoka mapema kuliko kwenye 1290 kwa sababu ndizo zinazobeba kila kitu, na hiyo ni gharama halali kabisa ya pistoni tatu, ipigie hesabu. Na usifunge zile za bei chee zenye mpira mgumu kama tairi, utalipa hela halafu gari itatetemeka kuliko mwanzo maana mpira mgumu haumezi kitu unapitisha tu kwenye bodi.

Ikiwa inamisi, yaani pistoni moja haichomi mafuta inavyotakiwa, ni hadithi nyingine. Hapo mdundo unaruka ruka, hauna mpangilio, unaendelea hata kwenye N na hata ukikanyaga mafuta, na nyuma kwenye ekzosi unasikia pu, pu, inakatika. Pistoni tatu ikipoteza moja imepoteza theluthi ya nguvu, gari inakuwa kama itazima, wakati pistoni nne ikipoteza moja imepoteza robo na muuzaji mjanja anaweza kukupitisha hapo hujaelewa. Kwa hilo mie naipenda pistoni tatu, haifichi.

Sasa nikupe mfano wenyewe. Kuna dada yetu mmoja nesi, anakaa Kange kazi yake Muheza, alikuwa na Passo mbili mbele yake, 990 ya 2006 na 1290 ya 2007, bei zimepishana kidogo, 1290 ikiwa juu. Alishaamua 1290 kwa sababu ile 990 ilikuwa inatetemeka mpaka kioo cha pembeni huoni vizuri, na kaka yake alishasema hiyo injini imekwisha.

Tukaanza na 990. D kwenda R inapiga gudu, tukafanya ile ya boneti, injini ikanyanyuka upande wa giaboksi, maunting imekatika. Lakini hata kwenye N bado ilikuwa inarukaruka kwaiyo kulikuwa na kitu cha pili. Fundi akachomeka mashine ikasoma hivi:

```
P0303
```

Hiyo ni pistoni ya tatu inamisi. Wengi wakifika hapo wananunua koili, subiri kwanza. Tulizima gari tukahamisha koili ya tatu tukaiweka kwa ya kwanza na ya kwanza tukaipeleka kwa ya tatu, tukafuta hiyo P0303 kwenye mashine, tukawasha, ikarudi P0301. Ugonjwa umefuata koili, basi koili ndio mbovu. Ingebaki P0303 tungeangalia plagi, halafu nozeli, halafu mgandamizo wa pistoni yenyewe na hapo ndio tungeogopa. Oili kwenye kijiti iko usawa, ilipowashwa ya baridi asubuhi cheni ya ndani ya injini haikulia, hakuna moshi wa bluu, maji kwenye rejeta ya rangi ya waridi safi. Injini nzima, imechoka vitu vya pembeni tu.

Tukaenda kwa 1290. Imetulia kwelikweli, ukiweka glasi ya maji juu haimwagiki. Ila tulipofika ilikuwa imeshawashwa ina moto, tukamwambia muuzaji tutarudi kesho asubuhi usiiwashe. Kesho yake ikiwa baridi kabisa (usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto hata uambiwe nini, itakuunguza) tukafungua, maji ya kahawia kama chai ya rangi, ya bomba tupu hakuna kulenti. Tukaiwasha kifuniko kikiwa wazi, baada ya muda mfupi povu likaanza kupanda, haliishi, na tulipofunga kifuniko, hozi ya juu ikawa ngumu kabla hata injini haijapata moto. Hapo gesi ya kwenye pistoni inaingia kwenye maji, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepinda. Iliwahi kuchemsha. Na hizi gari hazina mshale wa joto, ni kataa ka bluu na kekundu tu, dereva asiyejua anaendelea kwenda mpaka hedi inapinda.

Angalia gharama sasa. 990 ilitaka maunting moja, koili moja, na plagi tatu tukabadilisha zote pamoja, kazi ya siku moja kwa fundi wa kawaida. 1290 ilitaka kufungua hedi, kuipeleka kuchongwa, gasketi, boliti, cheni inashuka na kupanda tena, na hapo hujui kama bloku imepona, mafundi wengi watakwambia tafuta injini nyingine ya mtumba. Ndio maana nasema pistoni chache haziokoi hela nyingi kama watu wanavyodhani, unaokoa koili moja na plagi moja tu, ila cheni ni moja kwa zote mbili, wotapampu ni moja, ufundi wa kufungua hedi ni ule ule. Kinachoamua ni historia ya oili na maji.

Kwenye kudumu nako hivo hivo. 1KR inabeba oili kama lita tatu tu, ukipungukiwa na lita moja imebaki na theluthi mbili, cheni inaanza kulia ukiwasha asubuhi, na huko ndiko zinakofia nyingi. Bloku yake ni ya alminiamu, ikichemsha haikupi nafasi ya pili kirahisi, K3 bloku ni ya chuma inavumilia zaidi kidogo ila hedi yake nayo ni alminiamu, inapinda vile vile. Angalia pia mkanda wa mbele pale kwenye wotapampu, ukiona ukoko wa waridi au mweupe umekauka, pampu inavuja.

Ila kuna mtu ambaye 990 simshauri. Kama kila mwisho wa mwezi unatoka Mombo unapanda Lushoto, watu wanne na magunia ya viazi wakati wa kurudi, chukua 1290 iliyo nzima. 990 itapanda ndio, lakini unaikanyaga mpaka chini njia nzima na joto linapanda kila safari, injini iliyotunzwa inastahimili, iliyokosa oili haitastahimili. Dada yetu yeye ni Kange, Muheza na sokoni, barabara haina milima ya kutisha, akachukua 990 baada ya muuzaji kutoa kwenye bei gharama ya maunting na koili. Bado inatetemeka kidogo ukiwa kwenye foleni na kiyoyozi, anaweka N unapungua. Kila Jumapili asubuhi kabla hajawasha anachomoa kijiti cha oili na kuangalia maji.