Chupa Ikielea, Kivuli Ndicho Kinachotaja Urefu

Wadogo zangu, wiki hii nimefungua kazi tatu zenu za kuhariri picha ya bidhaa inayoelea hewani kati ya majani, na zote tatu zina kosa lile lile lililonitoa jasho miaka yangu ya mwanzo. Majani mmeyapanga vizuri mno, lakini kivuli mmekitupia mwishoni, dakika tano kabla ya kutuma. Someni haya kabla hamjafungua faili nyingine.

1. Amueni urefu kabla ya kitu kingine chochote. Chupa iko juu ya sakafu kwa kiasi gani? Kiganja kimoja, au mkono mzima? Jibu hilo linaamua mambo matatu kwa pamoja: umbali wa kivuli kutoka kwenye kitako cha chupa, ulaini wa kingo zake, na weusi wake. Kitu kikipanda, kivuli chake husogea mbali, hulainika na kufifia. Mkibadilisha moja mkayaacha mengine, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

2. Safisheni kitako. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Nilipewa chupa ya losheni, ielee katikati ya majani ya mnanaa. Picha niliyopewa ilipigwa chupa ikiwa imesimama mezani. Nikaikata kwa uangalifu, nikaipandisha hewani, nikachora kivuli laini sakafuni, kisha nikatumia usiku mbili kupanga majani. Nilipoituma, mteja alijibu kwa swali moja: "Chupa imesimama juu ya kioo?"

Niliitazama picha ile saa nzima bila kuona kioo chochote. Nikaongeza ukungu kwenye kivuli, nikapunguza weusi, nikahamisha majani. Jibu likarudi lile lile. Mara ya tatu kazi akapewa mtu mwingine, na sikulala.

Siku kadhaa baadaye nilivuta picha kwa karibu nikaona. Chini kabisa ya chupa palibaki mstari mwembamba mweusi, ule unaotokea pale kitu kinapogusa meza na mwanga ukashindwa kupenya. Nilikuwa nimeukata pamoja na chupa. Mstari huo husema jambo moja tu: hapa pana mguso. Basi chupa yangu ilikuwa na vivuli viwili vinavyobishana, kimoja kikisema imegusa kitu, kingine kikisema iko juu. Jicho likatafuta suluhu, likaweka kioo.

Dawa yake ni rahisi. Kateni pikseli chache ndani zaidi ya ukingo wa kitako, kisha juu yake, kwenye leya iliyobanwa kwa chupa, pakeni kwa brashi laini rangi hafifu ya sakafu. Chupa iliyo hewani hupokea mwanga unaodunda kutoka chini, kwa hiyo kitako chake hakiwezi kuwa cheusi tii.

3. Acheni `Drop Shadow` kwa kazi hii. Inarudia umbo la chupa nyuma yake, kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Choreni duaradufu bapa kwenye leya yake, iwekeni `Multiply`, tieni `Gaussian Blur`. Kwa chupa ya pikseli 900 inayoelea pikseli 400 juu ya sakafu, mimi huanza na ukungu wa 60 na `Opacity` ya 35%, kisha narekebisha kwa macho. Rangi yake msichukue nyeusi. Chukueni rangi ya sakafu yenyewe mkaifanye nzito. Na mwanga ukitoka kushoto kwa mbele, kivuli kihamie kulia na nyuma kidogo, kisikae chini wima.

4. Majani nayo yana urefu wake. Nimeona majani kumi na mawili yenye vivuli kumi na viwili vinavyofanana, na yote yakaonekana yamelala kwenye trei moja isiyoonekana. Jani lililo karibu na sakafu lipeni kivuli kikali zaidi, ukungu wa 8 hivi. La juu kabisa linyimeni: chini ya mwanga mpana, kivuli cha kitu kidogo kilicho mbali huyeyuka. Geuzeni mengine ubavu tuone ukingo wake, na moja au mawili yaje karibu na kamera, makubwa na yenye ukungu.

Mkimaliza, zimeni leya ya chupa na majani, mbaki na vivuli peke yake. Mwiteni mwenzenu awaonyeshe kila kitu kiko juu kiasi gani. Akisita kwenye jani moja, rudini kwenye jani hilo. Na lile linalopita mbele ya chupa msilisahau: nalo lazima litupe kivuli kidogo juu ya chupa, la sivyo litakuwa linaelea kwenye picha nyingine kabisa.