Madina kwanza, halafu Makka

Swali la wiki: "Sisi ni waumini 12 wa msikiti mmoja hapa Lubumbashi, wanaume 7 na wanawake 5. Tunataka kwenda Umra mwezi wa Januari. Tuanzie wapi: tiketi, chanjo au nguo?"

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Kabla ya yote hayo amueni jambo ambalo ajansi nyingi huwaamulia wasafiri bila kuwauliza: mtafikia Madina au Makka? Mimi nawashauri Madina.

Sababu ni ihramu, yaani hali na vazi la ibada ya Umra. Wengi wetu tukitoka uwanja wa Luano tunapitia Addis Ababa, kisha tunavuka Bahari ya Shamu hadi Jeddah. Anayekwenda Makka moja kwa moja hupita mikati, mpaka ambao hauvukwi bila ihramu, angani kabla ndege haijatua, na hapo awe ameshavaa na kutia nia. Basi wazee wetu hulazimika kubadili nguo kwenye vyoo vya uwanja wa Addis, wengine usiku wa manane. Mbaya zaidi ni yule aliyekunja ihramu yake vizuri akaiweka kwenye sanduku kubwa, nalo likapokelewa Lubumbashi na halionekani tena mpaka Jeddah. Akivuka mikati bila ihramu, itambidi arudi kwenye mikati au achinje. Mkianza na Madina, mtaondoka huko mmeshaoga na kulala, mtavaa hotelini kwa utulivu, na nia mtaitia Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya mji. Kama ajansi imeshakata njia ya Makka, ihramu ikae kwenye mfuko wa mkononi, hakuna mjadala.

Tiketi. Mashirika mengi ya ndege huhesabu kundi kuanzia watu 10. Ninyi ni 12, kwa hiyo watatu wakijitoa mnabaki 9, na bei ya kundi inaweza kufutwa kwa wote, hata kwa waliolipa mapema. Muulizeni ajansi kwa maandishi: siku ya mwisho ya kupeleka majina ni ipi, na arabuni ya anayejitoa inakwenda wapi? Vyumba navyo vina hesabu yake. Vya bei nafuu huwa vya vitanda vinne, na wanawake wenu ni 5. Huyo wa tano atalipia nini? Pateni jibu kabla ya kutoa hata dola moja.

Chanjo zinahesabiwa kwa kurudi nyuma. Tuseme mnaondoka tarehe 20 Januari. Homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo zichomwe angalau siku 10 kabla, yaani isipite tarehe 10. Polio, ambayo huombwa kwa wanaotoka nchi kama yetu hata kama ni watu wazima, inahitaji wiki 4 kabla, na isizidi miezi 12. Basi tarehe 23 Desemba ndiyo mwisho. Mimi ningelipeleka kundi zima siku moja mwanzoni mwa Desemba, maana dawa huisha. Mwenye kadi ya zamani ya homa ya manjano asichomwe tena: cheti hicho sasa ni cha maisha.

Penye mtego ni uti wa mgongo. Chanjo iliyotolewa kwa wingi kwenye kampeni hapa kwetu ilikuwa ya aina A peke yake. Inayotakiwa Saudia inakinga aina nne, A, C, W na Y. Kadi iliyoandikwa "méningite" tu, bila aina, inaweza kukataliwa. Simameni hapo hapo kwenye meza ya muuguzi mkaone aina, tarehe na mhuri, na jina liwe sawasawa na la pasipoti.

Nguo hazina mambo mengi. Mwanaume ni shuka mbili zisizoshonwa na kandambili. Aongeze mkanda wa kiunoni na mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kwa sababu mapaja yatasuguana katika tawafu, yaani kuzunguka Kaaba, na katika saayi, mwendo wa kati ya Safa na Marwa. Mama zetu hawana haja ya kununua nguo nyeupe. Hata kitenge kinafaa kikiwa kipana na kirefu, ila katika ihramu asivae nikabu wala glovu. Sabuni za hoteli zinanukia, msizitumie mkiwa katika ihramu.

Sasa muda wa ibada. Kuingia Rauda, ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, kunahitaji kibali cha programu ya Nusuk, kila mtu kwa jina lake, na saa za wanawake ni tofauti na za wanaume. Kijana mmoja awaandikishe wazee wasio na simu kubwa, na ziara za mji zipangwe baada ya kupata saa hizo. Ajansi hupenda kufanya kinyume.

Makka ipewe siku nyingi kuliko Madina. Mwanamke akiingia hedhini njiani, atatia nia ya ihramu kama wenzake, lakini tawafu itasubiri mpaka atoharike. Mkipangiwa siku tatu tu Makka, huyo anaweza kufika siku ya kurudi bado yumo katika ihramu.

Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi